Saa tatu ya Addis si 3:00 am: kusoma ratiba ya kanisa iliyopigwa picha Ethiopia

Desemba 2024 kuna picha ilizunguka kwa grupu yetu ya wasap, grupu ya akina mama wa mtaa wetu hapa Nairobi wanaoenda Addis Ababa kununua nguo na kahawa, na mimi niko ndani kwa sababu niliwahi kuishi Addis miaka minne na huwa wananiuliza maswali. Wawili walikuwa tayari wako huko, mmoja akapita nje ya kanisa la Mtakatifu Gabrieli, akaona karatasi kubwa imebandikwa getini, akapiga picha akatuma. "Hapa kuna sherehe, mnisomee." Maandishi yote Kiamhari. Mimi siku hiyo nilikuwa safarini bila neti, so aliyejibu ni mpwa wa mmoja wao, kijana anafanya kazi kwa duka la Wahabeshi pale Eastleigh na amejifunza kusoma zile herufi. Akaandika haraka haraka hivi:

10:00 am mahubiri, 6:00 pm mahlet, 11:00 pm kidase, 3:00 am tabot inatoka. Tarehe 19, mwaka 2017.

Mzozo ukaanza hapo hapo. Mmoja akasema bango ni la zamani, miaka saba limekaa getini. Mwingine akasema haiwezekani, karatasi ni mpya, hata gundi haijakauka. Halafu wale wawili wakaamua lile jambo kubwa ni tabot kutoka, wakaamka usiku wa manane, wakachukua teksi, saa tisa usiku wako kanisani. Na kanisa limejaa! Watu wamevaa shuka nyeupe, ngoma zinalia, makasisi wanaimba. Wakasimama kwa baridi ya Addis (na Desemba ile baridi si mchezo) mpaka kukapambazuka, wakachoka, wakarudi hotelini kulala. Baadaye wakaandika kwa grupu: tabot haikutoka.

Ilitoka, tena mchana kweupe. Wacha nieleze walipokosea, kwa sababu kosa lenyewe ni tamu na Mkenya ndiye anaweza kulifanya kirahisi kuliko mtu mwingine yeyote.

Kwanza maneno matatu ndiyo tusonge pamoja. Kidase ni ibada kuu ya Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia, ile ya Komunyo, Mkatoliki aifikirie kama misa. Mahlet ni uimbaji wa usiku kabla ya kidase, kuna ngoma, fimbo ndefu za kuegemea na vyombo vidogo vya chuma vya kutikisa, unaweza kwenda masaa kadhaa bila kukatika. Tabot ni kibao kilichowekwa wakfu, kinachowakilisha vile vibao vya Musa, kinakaa ndani kabisa patakatifu na bila hicho kanisa halihesabiwi kanisa. Wengi hapa wanadhani tabot ni sanamu ya mtakatifu, sivyo, na hata siku inayotolewa hutaiona kwa macho maana inabebwa kichwani mwa kasisi ikiwa imefunikwa vitambaa vya thamani, inazungushwa kanisa mara tatu, watu wanapiga vigelegele, basi.

Sasa saa. Ethiopia wanahesabu saa kama sisi kwa Kiswahili. Jua likichomoza ndipo hesabu inaanza, so saa moja yao ya asubuhi ni saa moja yetu ya asubuhi, hakuna maajabu. Hata neno lenyewe ni ndugu: wao husema se-at, sisi saa. Nairobi na Addis pia ziko kwa majira yaleyale, hakuna kuongeza wala kupunguza saa ukivuka Moyale.

Lakini angalia tofauti. Sisi tukizungumza tunasema saa tatu asubuhi, ila tukiandika kwa namba tunaandika 9:00. Kichwani tuna saa mbili, ya mdomo ya Kiswahili na ya karatasi ya Kizungu, na tunaruka kutoka moja hadi nyingine bila hata kuhisi. Mhabeshi haruki. Akisema tatu anaandika 3. Saa ya ukutani kwake inaonyesha 3, na ratiba ya kanisa inasema 3. Kwa hivyo yule kijana alisoma kila neno sawasawa, "ke-tewatu 3 se-at", yaani asubuhi saa 3, halafu vidole vikaandika 3:00 am kwa mazoea. Angeandika kwa Kiswahili cha kawaida, "saa tatu asubuhi", angepatia kila kitu bila kujua kuna shida.

Tuipitie karatasi yote. Ya kwanza ilikuwa ke-kenu 10, mchana saa kumi, siku ya kuamkia sikukuu. Hiyo ni saa kumi jioni yetu, 4:00 pm, mahubiri. Ya pili ke-lelitu 6, usiku saa sita, yaani katikati ya usiku, mahlet inaanza. Ya tatu ke-lelitu 11, saa kumi na moja alfajiri, kidase. Ya nne ke-tewatu 3, saa tatu asubuhi, tabot inatoka.

Linganisha na alichoandika kijana: saa nne asubuhi, saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku, saa tisa usiku. Umeona? Kila kimoja kimesogea nyuma masaa sita kamili. Ndiyo maana hakuna mtu aliyeshtuka, ratiba ikikosewa sehemu moja itajigonga, lakini hii ilihama yote pamoja kama watu waliohama nyumba na vyombo vyao, mpangilio ukabaki uleule wa kuaminika. Na wale akina mama walipofika saa tisa usiku walikuta kanisa limejaa kwa sababu mahlet ilikuwa katikati, masaa matatu tangu ianze. Mazingira yenyewe yakawathibitishia kosa. Wangekuta geti limefungwa wangeuliza mtu.

Njia ya kujikinga ni kuangalia neno linalotangulia namba, usikimbilie namba. Kuna manne ya kukariri. ከጠዋቱ, ke-tewatu, ni asubuhi. ከቀኑ, ke-kenu, ni mchana, inaenda mpaka jioni jioni hivi. ከምሽቱ, ke-mishitu, ni jioni kuingia usiku wa mapema. ከሌሊቱ, ke-lelitu, ni usiku mkubwa mpaka alfajiri. Kama kweli wangemaanisha saa tisa usiku karatasi ingeandika ke-lelitu 9, haiwezi kuandika tewat. Ni kama hapa Nairobi mtu akuambie tukutane asubuhi halafu umngojee saa tisa usiku, utajiuliza wewe mwenyewe.

Usitumie akili ya "ibada haiwezi kuwa usiku huo" kama kipimo, itakuangusha. Krismasi yao na Pasaka yao kidase huwa ni usiku kweli. Na siku za kawaida za kufunga kidase inaweza kuwa mchana wa saa sita kwenda saa tisa, kwa sababu waumini wamekaa bila kula na wanafungua baada ya ibada. Kwa hivyo usikisie, soma neno.

Kitu kingine cha usiku: tarehe. Ikiandikwa Tahsas 19, yaani tarehe 19 ya mwezi wao wa Tahsas, na mahlet usiku saa sita, ni usiku gani? Kiswahili kina jibu lake zuri, usiku wa kuamkia. Mahlet ya sikukuu huimbwa usiku wa kuamkia sikukuu, haiimbwi usiku unaofuata. Ukikosea hapo utafika masaa ishirini na nne baadaye ukute mlinzi na paka.

Haya, mwaka 2017. Bango halikuwa la zamani. Kalenda ya Ethiopia iko nyuma ya hii yetu miaka saba au minane, kwa sababu hesabu yao ya mwaka aliozaliwa Yesu inatofautiana na ile ya Ulaya. Mwaka wao mpya unaanza Septemba 11, au 12 miaka mingine, kwa hivyo kuanzia Septemba mpaka Desemba tofauti ni miaka saba, na kuanzia Januari mpaka mwaka wao unapoisha ni minane. Wana miezi kumi na miwili ya siku 30 kila mmoja, halafu kamwezi kadogo ka kumi na tatu kanaitwa Pagume, siku tano, au sita mwaka mrefu. (Mpangaji angependa kujua kama Pagume inalipiwa kodi ya nyumba, mimi nilipokuwa huko nilikuwa nalipa kumi na mbili tu, ila kila mtu na mapatano yake.)

Kwenye picha utaona mwaka umefuatwa na ዓ.ም. Hiyo ni kifupi cha "mwaka wa rehema", ndiyo alama kwamba unasoma kalenda yao. Ukiona እ.ኤ.አ. karibu na tarehe, hapo wanakuambia tarehe ni ya hesabu ya Wazungu, usibadilishe tena. Watu wengi hubadilisha mara mbili na kujiongezea shida.

Tahsas 1 iliangukia Desemba 10 mwaka ule, so Tahsas 19 unaongeza siku kumi na nane unafika Desemba 28, 2024. Mwaka unaofuata mwaka wao mrefu tarehe zinasogea siku moja mpaka mwisho wa Februari, Tahsas 1 inakuwa Desemba 11. Utajuaje hesabu yako iko sawa? Angalia jina la siku, karibu kila ratiba huliandika. Karatasi ilisema Kidame, na Desemba 28, 2024 ilikuwa Jumamosi. Kidame ni Jumamosi, Ihud ni Jumapili, na Hamus ambayo hata bila kamusi unaisikia ni Alhamisi. Jina la siku likikataa kukubaliana na tarehe uliyopata, rudi uhesabu upya kabla hujalipa teksi.

Wakati mwingine tarehe inaandikwa kwa namba za zamani, zile zinafanana na vijiti vyenye kofia. ፲ ni kumi na ፱ ni tisa, so ፲፱ ni kumi na tisa. Hazina sifuri, unajumlisha tu kumi na tisa kama tunavyotamka kwa Kiswahili.

Sasa vyeo, na hapa kulikuwa na kasheshe ya pili. Chini ya ratiba kulikuwa na jina la mhubiri mgeni, limetanguliwa na neno "papas". Kwa grupu ikaenea kwamba Papa anakuja Addis, mtu akauliza mbona redioni hawajasema. Papas si Papa wa Roma. Kwa Kiamhari papas ni askofu, yeyote, wako wengi. Askofu mkuu ni like papasat, mkuu wa maaskofu. Na kwa Kiswahili, samahani kwa kanisa, papasi ni mdudu, kupe yule wa kwenye nyumba za udongo, kwa hivyo tafadhali usiache neno hili bila kulitafsiri.

Askofu utamjua pia kwa Abune mbele ya jina lake, maana yake baba yetu. Abune na Abba zinachanganywa sana. Abba ni mtawa, anaweza kuwa kasisi wa kawaida kabisa, lakini Abune umefika ngazi ya uaskofu. Patriaki, mkuu wa kanisa lote, naye ni Abune, tangu 2013 ni Abune Matias. Kabla ya 1959 kanisa hili lilikuwa chini ya Aleksandria na askofu wake mkuu kwa karne nyingi alikuwa akiletwa kutoka Misri, mwaka huo ndio walipata patriaki wao wenyewe. Ndiyo maana bado utasikia watu wakiwaita Wakopti. Wakopti ni wa Misri, ni ndugu wa imani moja, lakini nyumba ni mbili.

Kesis ni rahisi, sema haraka: kasisi. Diyakon ni shemasi. Merigeta si padri lazima, ni bingwa wa zema, yaani uimbaji, anayeongoza mahlet, na kama ratiba ina jina la merigeta ujue usiku utakuwa mrefu na mzuri. Memhir ni mwalimu.

Halafu kuna cheo kinachoshtua, Melake Selam. Neno kwa neno ni malaika wa amani, na kijana wetu aliandika hivyo hivyo, "malaika wa amani atakaribisha wageni". Mmoja wa akina mama akajibu, "Mwanangu, huyo malaika atakuja saa ngapi?" Kumbe ni cheo cha heshima anachopewa kasisi, mara nyingi ndiye msimamizi wa kanisa. Ukitafsiri, andika msimamizi wa kanisa, kasisi fulani, na cheo chenyewe kibaki kama kilivyo. Usitafsiri vyeo kama unatafsiri sentensi. Hata hapa kwetu ukimwambia mgeni neno kwa neno kwamba Baba Askofu ni mzazi wa kiume utamchanganya tu.

Umeshaona kitu nafikiri. Saa, kasisi, malaika, Alhamisi, hata saumu ambayo kwao ni tsom, sala ambayo ni tselot, nabii ambaye ni nebiy. Kiamhari na Kige'ez, lugha ya kale ya kanisa lao, ni jamaa ya Kiarabu, na Kiswahili kilikopa kutoka Kiarabu, so tunakutana kwa mjomba. Inasaidia kusoma matangazo, ila si kila mara.

Tangazo moja lilisema kuna gubae. Wakadhani ni mkutano wa kamati, wageni hawatakiwi. Gubae ni kusanyiko. Ikiandikwa sebeka gubae ni baraza la parokia, hiyo kweli si yako, mara nyingi wanawakumbusha washirika michango. Ikiandikwa ye-wengel gubae ni kusanyiko la injili, mahubiri na nyimbo, na kila mtu anakaribishwa. Ile ya karatasi yetu ilikuwa hiyo ya pili, ndiyo yale mahubiri ya saa kumi jioni.

La pili lilikuwa la silet. Silet ni nadhiri. Watu humwahidi mtakatifu kitu wakipata walichoomba, na siku ya Gabrieli ndiyo wanakuja kulipa, wengine mishumaa, wengine pesa, wengine mwavuli wa kanisa uliopambwa. Tangazo lilisema wenye silet wapeleke kwenye ofisi. Halikuwa linaomba kiingilio, ingawa kwa grupu tulishaanza kuuliza ni birr ngapi mlangoni. Kuingia ni bure.

La tatu ni zikir, chakula kinachogawiwa kwa kumkumbuka mtakatifu. Mtu wa Pwani atasikia dhikiri na kudhani ni kisomo, asili ya kukumbuka ni ile ile lakini hapa kuna sahani. Na sahani hiyo haina nyama wala maziwa wala mayai, kwa sababu sikukuu hii inaanguka ndani ya tsome nebiyat, mfungo wa manabii, unaoanza Hidar 15, Novemba 24 hivi, mpaka Krismasi yao Januari 7. Sikukuu ya Gabrieli haivunji mfungo. Ukitaka kupeleka zawadi usibebe keki.

Mwisho wa karatasi kwa herufi ndogo kulikuwa na mambo ambayo hakuna aliyesoma: vaa netela, ile shuka nyeupe nyembamba, vua viatu mlangoni, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Komunyo ni ya washirika waliojiandaa na ambao hawajala tangu jana yake, mgeni anasimama tu na haoni aibu, hata Wahabeshi wengi siku hiyo hawakaribii.

Nilipopata neti nikaandika haya yote kwa grupu, marefu kama hivi, wakanicheka kwanza. Halafu wiki iliyofuata ikaja picha nyingine kutoka Addis, ya Timket, sikukuu ya ubatizo. Mama yule yule wa baridi. Safari hii hakumngoja mpwa wala mimi, alituma picha na maneno yake chini: "Tir 10, Kidame, ke-kenu 8, tabot zinashuka majini. Hiyo ni Januari 18, Jumamosi, saa nane mchana. Saa NANE. Mimi nitakuwa nimekula na nimelala."